Mwajiri wako hakukati NSSF? Mwongozo kamili wa kujisajili kwa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa Mwanza

Wafanyakazi wengi wa miradi hapa Mwanza, kuanzia Capripoint hadi Igombe, hukwama mahali pale pale. Mtu anagundua kwamba mshahara wake haukatwi mchango wa hifadhi ya jamii, anachukua mkataba wake na kwenda dirishani NSSF, anaambiwa kwamba mwajiri ndiye anayepaswa kumleta, anarudi kwa mwajiri, anaambiwa kwamba shirika hilo la kimataifa halihusiki na mifuko ya nchi, kisha anaachana na jambo hilo kwa miaka. Wengine hufanikiwa kujisajili, lakini kwa namba mpya wakati tayari wana ya zamani, na miezi yao ya michango hugawanyika katika kumbukumbu mbili zisizofahamiana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao. Unahusu Tanzania Bara, na unamlenga hasa yule aliye katikati: anafanya kazi chini ya shirika la kimataifa, lakini hayumo katika mfuko wa pensheni wa shirika hilo wala katika mfuko wa Taifa.

## Andaa vitu hivi kabla ya kwenda popote

- Kitambulisho cha Taifa, au angalau namba ya NIDA yenye tarakimu 20.
- Mkataba wako wote pamoja na viambatisho vyake. Kurasa za mwisho ambazo watu hawazisomi ndizo zenye masharti ya hifadhi ya jamii.
- Slipu tatu za mwisho za mshahara, au taarifa ya benki inayoonyesha malipo matatu ya mwisho.
- Namba ya uanachama ya NSSF ya ajira yoyote ya zamani. Kama ulikuwa PPF kupitia mwajiri wa sekta binafsi, tafuta namba hiyo pia. Mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, wanachama wa PPF wa sekta binafsi walihamishiwa NSSF.
- Namba ya mlipakodi, yaani TIN.
- Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa ajili ya kuandikisha wategemezi.
- Bahasha ngumu moja. Nakala ya kila barua na kila risiti itaingia humo, kwa sababu safari hii huchukua zaidi ya siku moja na maofisa hubadilika.

Hakikisha jina lililo kwenye kitambulisho cha Taifa linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye mkataba. Mwanamke aliyeandikwa kwa jina la baba katika kazi ya kwanza na kwa jina la mume katika kazi ya sasa anapaswa kulimaliza jambo hilo kwanza, maana kila hatua inayofuata itagonga hapo.

## Hatua ya 1: Tambua mwajiri wako ni nani mbele ya sheria

Neno «kimataifa» kwenye kibao cha ofisi halikuambii lolote kuhusu michango. Kuna aina mbili za waajiri ambazo watu huzichanganya.

Aina ya kwanza ni shirika lisilo la kiserikali, hata kama makao yake makuu yako Ulaya au Marekani, hata kama fedha zake zote zinatoka nje, na hata kama mkurugenzi wake ni mgeni. Likisajiliwa hapa, iwe chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 au kama kampuni au bodi ya wadhamini, ni mwajiri wa kawaida wa sekta binafsi. Linapaswa kujisajili NSSF na kuwasilisha asilimia 20 ya mshahara wako, ambayo wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10 na inayobaki hutolewa na mwajiri. Linapaswa pia kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako mchango wote ni wa mwajiri na hakuna senti inayokatwa kwako.

Aina ya pili ni shirika lililoundwa na serikali za nchi kwa mkataba baina yao. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yamo humo, na kwa sisi wa ukanda wa Ziwa wamo pia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu. Haya hufanya kazi chini ya kinga zinazotokana na mikataba ya kimataifa, na hapa nchini kuna Sheria ya Kinga na Haki za Kidiplomasia na Kikonseli ya mwaka 1986. NSSF inaweza kuwapokea wafanyakazi wa mashirika haya, lakini kinga hiyo hufanya njia za kawaida za kumbana mwajiri, kama ukaguzi wa lazima na kumfikisha mahakamani, zisifanye kazi kama zinavyofanya kwa kampuni ya hapo Nyakato.

Namna ya kujua uko wapi ni rahisi. Omba utumishi wakuonyeshe cheti cha usajili wa shirika. Wakikupa cheti cha Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, cha BRELA au cha bodi ya wadhamini, uko aina ya kwanza. Wakikuambia kwamba hawana cheti cha namna hiyo bali wana makubaliano na Serikali kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, uko aina ya pili.

Tahadhari. Kama uko aina ya kwanza, usijisajili kama mwanachama wa hiari ili kuziba pengo. Utakuwa unalipa kutoka mfukoni mchango ambao nusu yake ni deni la mwajiri wako. Peleka nakala ya mkataba na slipu katika ofisi ya NSSF ya mkoa, uandike malalamiko, na uwaachie maofisa wa michango wamfuate. Nilipokuwa afisa utumishi katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa mjini, tuliwaambia wafanyakazi wa muda kwamba mfadhili haruhusu makato hayo. Tuliamini hivyo kwa dhati na tulikosea kabisa, kwa sababu barua ya mfadhili haiondoi wajibu uliowekwa na sheria ya nchi. Watu kumi na mmoja walipoteza miezi yao kwa kauli yetu, na ndiyo sababu ninaiweka hatua hii mbele ya nyingine zote.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kutaja kwa sentensi moja shirika lako limesajiliwa chini ya nini, na una nakala ya karatasi inayothibitisha.

## Hatua ya 2: Soma mkataba wako, si kibao cha ofisi

Ndani ya shirika moja la aina ya pili mna watu wenye hali tofauti kabisa, ingawa wanapanda gari moja na kula chakula meza moja.

Mtumishi kamili wa Umoja wa Mataifa mwenye uteuzi wa miezi sita au zaidi huingia katika Mfuko wa Pamoja wa Pensheni wa Watumishi wa Umoja wa Mataifa. Hukatwa asilimia 7.9 ya mshahara wa kukokotolea pensheni, na shirika huongeza mara mbili yake, asilimia 15.8. Huyu yuko nje ya NSSF, lakini yuko ndani ya mfuko mwingine. Jambo moja tu analopaswa kulifahamu ni kwamba akiondoka kabla ya kutimiza miaka mitano ya uchangiaji harudishiwi sehemu ya mwajiri. Huchukua michango yake mwenyewe na riba. Kwa hiyo mwenye mkataba wa miaka miwili ambao haujulikani kama utaongezwa ana sababu nzuri ya kuendeleza uanachama wake wa NSSF pembeni.

Anayefuata ni mwenye mkataba wa huduma, mkandarasi binafsi au mshauri mwelekezi. Anaripoti saa mbili asubuhi kama wengine, lakini mkandarasi binafsi na mshauri hawaingii katika mfuko ule wa pensheni, na mwenye mkataba wa huduma hupangiwa utaratibu mwingine kabisa. Mikataba ya namna hii mara nyingi huwa na kifungu kimoja kati ya viwili: ama shirika litakuandikisha katika mfuko wa Taifa, au malipo unayopewa yamejumuisha fedha za kujigharimia hifadhi ya jamii wewe mwenyewe. Kifungu hicho cha pili ndicho huumiza. Fedha huingia benki zikiwa zimechanganyika na mshahara, mtu huziona kama sehemu ya mshahara, na zinakwenda kwenye ada za shule na bati za nyumba.

Pitia mkataba ukiwa na kalamu. Zungushia kila mahali panapotaja pensheni, hifadhi ya jamii, bima, kodi na ajali. Kama mkataba uko kwa Kiingereza na neno fulani hulielewi, usikisie. Mwombe mtu wa utumishi akueleze kifungu hicho kwa barua pepe, ili maelezo yake yabaki.

Umefanikiwa ukiwa umejua ni kipi kati ya haya matatu ni chako: mfuko wa shirika, mfuko wa Taifa kupitia shirika, au kujitegemea.

## Hatua ya 3: Uliza kwa maandishi kabla ya kujisajili

Hata kama mkataba unaonekana kukuacha ujitegemee, muulize mwajiri kwanza. Yako mashirika yenye kinga ambayo hukubali kwa hiari yao kuwaandikisha Watanzania NSSF, na ukipita njia hiyo unapata mchango wa mwajiri juu ya wako. Ukishajisajili mwenyewe na kuanza kulipa, msukumo wa mwajiri kufanya hivyo hupungua.

Barua isiwe ndefu. Uliza mambo manne: je, shirika limesajiliwa NSSF kama mwajiri, kama ndiyo, kwa nini mimi sichangiwi, kama hapana, ni sehemu gani ya malipo yangu imetengwa kwa ajili ya hifadhi ya jamii, na je, mtanipa barua inayosema kwamba hamnichangii katika mfuko wowote? Swali la mwisho ndilo kiini cha barua yote. Ofisa wa dirishani anapokuambia kwamba mwajiri ndiye anayepaswa kukuleta, ni barua hiyo itakayomwonyesha kwamba katika hali yako hakuna mwajiri wa kukuleta.

Mpe mwajiri siku kumi na nne, kisha umkumbushe mara moja tu. Asipojibu, nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa, au barua pepe uliyotuma, pamoja na mkataba, vinatosha kuendelea.

## Hatua ya 4: Fufua namba ya zamani

Hapa ndipo panapoharibika zaidi, na hapa nitakaa.

Pensheni ya kila mwezi ya uzeeni inahitaji angalau miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Miezi hiyo si lazima ifuatane, lakini lazima yote ihesabiwe kwa jina lako. Mtu mwenye miezi 96 kwenye namba moja na miezi 90 kwenye namba nyingine, ambazo hakuna aliyeziunganisha, ataonekana katika kila kumbukumbu kama mtu asiyefikia kiwango.

Nitaeleza mfano wa dada mmoja, mtaalamu wa takwimu kutoka Ilemela, niliyekaa naye hadi akamaliza. Alifanya kazi miaka minane katika shirika lisilo la kiserikali na kuchangiwa miezi yote 96. Kisha akapata mkataba wa huduma katika mradi wa kimataifa wa kufuatilia samaki ziwani, kwa malipo ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi, mkataba ukisema kwamba kiasi hicho kimejumuisha hifadhi ya jamii. Alifanya kazi miaka mitatu bila kuchangia. Tulipokutana alikuwa na miaka 44.

Tuliandika hesabu yake nyuma ya bahasha. Miezi 180 kutoa 96 ni 84, yaani miaka saba. Akianza mwezi ule bila kuruka, angefikisha miezi 180 akiwa na miaka 51, kabla hata ya umri wa kustaafu kwa hiari wa miaka 55. Asipoanza, angefika miaka 60 akiwa na miezi ile ile 96, na asingestahili pensheni ya kila mwezi. Ile miaka mitatu iliyopita ilikuwa imekwenda. Sikumpa matumaini ya kuilipia kwa mkupuo, na wewe usipange maisha yako juu ya matumaini hayo.

Alipokwenda dirishani mara ya kwanza, peke yake, alijaza fomu kama mtu mpya kwa sababu kadi yake ya zamani ilikuwa imepotea. Tulirudi tukaomba kwanza taarifa ya michango ya zamani kwa kutumia jina la mwajiri wake wa awali, miaka aliyofanya kazi huko na namba yake ya NIDA. Ilipatikana, lakini miezi minne ya mwaka wa pili haikuwamo. Aliileta mezani slipu moja baada ya nyingine, zimekunjwa mara nne na wino umefifia, na kila moja ilionyesha makato ya NSSF ya mwezi uliokosekana. Slipu hizo ndizo ziliwezesha kufuatilia kwa mwajiri wa zamani.

Fanya kama alivyofanya:

Kwanza, omba taarifa kamili ya michango kabla ya kugusa fomu yoyote ya usajili. Pili, hesabu miezi mmoja mmoja ukilinganisha na mikataba yako ya zamani. Tatu, kama kuna miezi inayokosekana na una slipu, andika malalamiko ukiambatanisha nakala. Baki na asili. Nne, kama unazo namba mbili, omba kwa maandishi ziunganishwe, na usilipe chochote hadi ujue ni ipi itakayobaki.

Umefanikiwa ukiwa na namba moja, jina moja, na idadi ya miezi uliyoihakiki mwenyewe.

## Hatua ya 5: Jisajili kama mchangiaji wa hiari na chagua kiwango kwa hesabu

Sasa nenda ofisi ya NSSF ya mkoa ukiwa na kitambulisho, mkataba, barua ya hatua ya 3 na namba uliyoifufua. Mwambie ofisa waziwazi kwamba wewe ni mwanachama wa zamani unayeendelea kwa hiari kwa sababu mwajiri wa sasa yuko nje ya mfuko. Ukisema tu «nataka kujiunga», utaandikishwa kama mpya.

Utaulizwa kiwango. Wengi hutaja kiasi kidogo kabisa kinachokubaliwa ili tu wawe ndani, na hilo ni kosa kwa mtu mwenye kipato cha kila mwezi. Kanuni ya mafao iliyoanza tarehe 1 Julai 2022 hutumia wastani wa mishahara mizuri ya miaka mitatu katika miaka kumi ya mwisho. Ukichangia kana kwamba unapata shilingi laki moja na nusu, usitarajie kwamba mfuko utakukumbuka kwa milioni yako.

Tazama jinsi kanuni hiyo ilivyofanya kazi kwa viwango vya mwaka 2022, vilivyotoa asilimia 33 kama mkupuo na asilimia 67 kama pensheni ya kila mwezi, kwa mwanachama mwenye miezi 180 na wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka:

```
180 ÷ 580 × 12,000,000 = 3,724,138
3,724,138 × 67% ÷ 12 = 207,931
3,724,138 × 12.5 × 33% = 15,362,069
```

Mstari wa kwanza ni pensheni kamili ya mwaka. Wa pili ni pensheni ambayo angepokea kila mwezi, takriban shilingi 207,900. Wa tatu ni mkupuo wa kuanzia, takriban shilingi milioni 15.4. Sehemu ya mkupuo imepandishwa tangu wakati huo, kwa hiyo mwulize ofisa kiwango cha sasa. Mchango unaolingana na kipato hicho kwa kiwango cha asilimia 20 ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na ndicho kiasi ambacho mkataba unaosema «malipo yamejumuisha hifadhi ya jamii» unapaswa kukufanya ukitenge kabla ya kugusa zinazobaki.

Yule dada hakuweza kuanza na 200,000 kwa sababu ya mkopo wa nyumba. Alianza na 120,000, ambayo ni asilimia 20 ya kipato cha 600,000, akapanga kupandisha mkopo utakapokwisha, akijua kwamba miaka ya mwisho ndiyo yenye uzito katika wastani. Huo ni uamuzi wenye akili.

Tahadhari. Kabla ya kusaini, mwombe ofisa akuandikie mambo mawili: skimu unayoingia inaitwaje, na mafao ya uzeeni katika skimu hiyo yatakokotolewaje kwa kiwango ulichotaja. Mwombe pia athibitishe kwa maandishi kwamba miezi yako ya zamani itajumlishwa na mipya. Mtu ambaye skimu yake haijumlishi anapaswa kujua siku hiyo, si akiwa na miaka 60.

## Hatua ya 6: Lipa, kisha hakiki kwamba imeingia

Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, yenye tarakimu 12, kupitia benki, wakala au simu. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu akulipie, hata kama ni mtumishi unayemfahamu.

Chagua siku moja kati ya mbili tatu zinazofuata mshahara kuingia, na ulipe siku hiyo hiyo kila mwezi. Wavuvi wa Kirumba wanaolipwa kwa msimu wana sababu ya kulipa kwa mafungu. Wewe mwenye mshahara wa mwezi huna, na pengo la mwezi mmoja huvuta lingine.

Risiti ya simu inathibitisha kwamba fedha zimetoka kwako. Haithibitishi kwamba zimeandikwa kwenye mwezi sahihi wa uanachama wako. Kwa hiyo baada ya malipo ya kwanza, subiri wiki chache kisha uombe taarifa ya michango. Angalia namba, jina, mwezi na kiasi. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Kosa lililogunduliwa baada ya miezi mitatu hurekebishwa kwa nakala ya risiti. Lililogunduliwa baada ya miaka kumi linahitaji bahati.

Umefanikiwa ukiwa na taarifa inayoonyesha miezi ya zamani na ya sasa katika orodha moja.

## Hatua ya 7: Kodi haina kinga unayoidhani

Watu wengi walio nje ya NSSF hudhani wako nje ya kodi pia, na deni hukua kimyakimya.

Msamaha wa kodi ya mishahara uliomo katika Mkataba wa Kinga na Haki za Umoja wa Mataifa wa mwaka 1946 ni wa watumishi wa shirika. Mkandarasi binafsi na mshauri si watumishi kwa maana hiyo. Shirika lenye kinga haliwajibiki kukukata kodi ya mshahara, lakini hilo halimaanishi kwamba hudaiwi; linamaanisha kwamba kazi ya kulipa imehamia kwako. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mwajiriwa ambaye mwajiri wake halazimiki kukata kodi alipe mwenyewe kwa awamu nne. Kwa mwaka wa kalenda, awamu hizo hufika tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba.

Kwa mwajiriwa mwenye shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kodi ni takriban shilingi 128,000 kwa mwezi kabla ya kuondoa mchango wa pensheni, yaani 384,000 kwa kila awamu. Peleka makadirio yako TRA mwanzoni mwa mwaka, na uwasilishe ritani ya mwaka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha. Chukua taarifa yako ya michango ya NSSF unapokwenda, kwa sababu mchango kwa mfuko uliokubalika hupunguza kipato kinachotozwa kodi ndani ya kiwango cha sheria.

## Hatua ya 8: Ajali na matibabu

Mchangiaji wa hiari wa NSSF hapati ulinzi wa WCF kwa njia hiyo, kwa sababu WCF huandikisha waajiri. Kama kazi yako ni ya kuingia ziwani kuchukua sampuli, au kusafiri na pikipiki kati ya Sengerema na Geita, muulize mwajiri kwa barua ni bima gani italipa ukivunjika mguu kazini, na kama inagusa aina ya mkataba wako. Jibu lisiporidhisha, nunua bima ya ajali binafsi kabla ya safari inayofuata.

Bima ya afya nayo iandikishe peke yake, ukiuliza kipindi cha kusubiri kabla huduma kubwa hazijaanza. Usingoje mtoto augue ndipo uanze kuulizia.

## Mkataba unapoisha

Siku utakapopokea taarifa kwamba mkataba hautaongezwa, omba vitu vitatu kabla hujarudisha kompyuta na funguo: cheti cha utumishi kinachotaja tarehe za kuanza na kumaliza, barua inayorudia kwamba shirika halikukuchangia katika mfuko wowote, na nakala ya slipu zote. Mradi wa kimataifa ukishafungwa, ofisi yake hupangishwa kwa mtu mwingine na barua pepe za utumishi huzimwa.

Ukipata kazi katika shirika la aina ya kwanza, mpe mwajiri mpya namba yako ile ile ya NSSF siku ya kwanza, uache kulipa kwa hiari mwezi atakaoanza kukuchangia, na uombe taarifa ya michango baada ya mwezi wa tatu ili uone kwamba mwezi wa mwisho uliolipa mwenyewe na wa kwanza aliolipa yeye vimefuatana bila pengo.